Bawasiri ya ndani, bawasiri ya nje na mstari ulio kati yake

"Daktari, nina miaka 46. Kwa miaka miwili natoa damu nyekundu nikienda haja kubwa, haiumi hata kidogo, nikaambiwa ni bawasiri ya ndani. Siku tano zilizopita, baada ya kusukuma sana choo kigumu, kimetokea kivimbe kigumu pembeni ya tundu, ukubwa wa zabibu, kinauma hadi kukaa ni taabu. Jamaa wanasema ile ya ndani sasa imetoka nje. Wiki ijayo nina miadi ya kufungwa raba. Je, ni bawasiri ileile? Na mbona ile ya kwanza haikuuma na hii inaniua?"

Kwa maelezo yako, hapana, si ileile. Una vitu viwili tofauti ambavyo kwa bahati mbaya vimepewa jina moja. Ile inayotoa damu iko ndani, kwenye utando usiojua maumivu ya kukatwa. Hiki kivimbe kipya kina dalili zote za damu iliyoganda kwenye vena iliyo chini ya ngozi, na ngozi hiyo ina hisia kali kama ncha ya kidole. Kabla sijaeleza zaidi, shika hili moja: miadi yako ya raba, yaani pete ya mpira inayofungwa kwenye bawasiri ili inyauke, ni kwa ajili ya ile ya ndani. Mtu yeyote akitaka kuweka raba juu ya hicho kivimbe cha nje, mkatalie.

Sasa tuingie ndani kidogo. Nitalitaja neno mkundu pale panapolazimu, maana ndilo jina la kiungo chenyewe, na wagonjwa wengi huchelewa kuja kwa sababu tu hawajui watamke nini mbele ya daktari.

Utumbo mpana unaishia kwenye puru, ambayo ina urefu wa takriban sentimita 12 hadi 15. Puru inapofika kwenye misuli ya sakafu ya nyonga inabanwa, inapinda kuelekea nyuma, na kuanzia hapo inaitwa mfereji wa haja kubwa. Mfereji huu ni mfupi, kama sentimita 4 tu, umezungukwa na misuli miwili ya kubana: wa ndani unaojiendesha wenyewe, na wa nje unaoutawala wewe unapojizuia. Ukipanda kama sentimita 2 kutoka ukingo wa tundu, karibu katikati ya mfereji, unaukuta mstari wa meno.

Jina hilo si la kubuni tu. Mtu akichungulia kwa proktoskopi, ambayo ni bomba fupi lenye taa, anaona utando wa juu umejikunja kuwa nguzo ndogo za wima, kwa kawaida kati ya sita na kumi. Chini ya kila nguzo mbili zinazopakana kuna kijikunjo kama mfuko mdogo wa shati. Mifuko hiyo ikizunguka mfereji mzima inachora mstari wenye ncha ncha, kama makali ya msumeno. Juu ya mstari rangi ni nyekundu iliyokolea, yenye unyevu na ute. Chini yake rangi inapauka ghafla, kuna ngozi laini, nyembamba, isiyo na vinyweleo. Ukiuona mara moja husahau tena. Ni kama pale rangi mbili za ukuta zinapokutana.

Kwa nini zikutane hapo? Kwa sababu mfereji huu ulichimbwa kutoka pande mbili. Mimba ikiwa changa, utumbo unashuka kutoka juu, na ngozi ya mtoto nayo inabonyea kutoka nje kwenda kukutana nao. Katikati kunabaki kiwambo chembamba, ambacho hutoboka karibu na wiki ya 8. Kiwambo kinatoweka, lakini kila upande unabaki na urithi wake: wa juu ni utumbo na wa chini ni ngozi. Mstari wa meno ndio kovu la mpaka huo, na tofauti zote unazoziuliza zinatoka hapa.

Tuanze na mishipa ya fahamu, kwa kuwa ndiyo inayokunyima usingizi. Sehemu ya juu ya mstari imeunganishwa na mishipa ileile ya tumbo isiyotawaliwa na hiari. Mishipa hiyo inajua kuvutwa na kujaa. Ndiyo maana puru ikijaa unahisi haja. Lakini ukikichoma sindano kipande hicho cha utando, au ukikikata, mwenyewe hana habari. Sehemu ya chini inahudumiwa na mshipa wa fahamu unaotoka kwenye uti wa mgongo, kwenye pingili za nyonga, na mshipa huo hauna mchezo: unatambua mguso, joto, baridi, mkato na mbano. Hapo ndipo mwili unapotambua kama kinachotaka kutoka ni hewa au ni kinyesi, kazi ambayo isingewezekana bila hisia za hali ya juu.

Niongeze tahadhari moja. Vitabu huchora mpaka huu kama umekatwa kwa wembe, lakini mwilini hauko hivyo. Hisia za maumivu hupanda kidogo juu ya mstari kabla hazijafifia, na kiasi chake hutofautiana kati ya mtu na mtu. Kumbuka jambo hili, kwani tutalirudia tukifika kwenye raba.

Damu nayo imegawanyika. Juu ya mstari, vena hupeleka damu kwenye ini. Chini ya mstari, damu hupita njia ya nyonga na kurudi moyoni bila kupitia ini. Njia hizi mbili hukutana na kuchangiana mpakani. Mtu mwenye ini lililosinyaa kwa makovu anaweza kupata vena zilizovimba kwenye puru kwa sababu damu inatafuta mchepuko, na hizo si bawasiri ingawa zinatoka damu vilevile. Nazitaja kwa sababu zikifungwa au kukatwa kana kwamba ni bawasiri zinaweza kumwaga damu vibaya mno. Ukiwa na ugonjwa wa ini, mwambie daktari kabla hajagusa chochote.

Basi bawasiri ya ndani ni nini? Watu hudhani ni vena zilizovimba kama zile za miguuni. Sivyo hasa. Kila binadamu, hata mtoto mchanga, ana mito mitatu laini juu ya mstari wa meno: mmoja upande wa kushoto, mmoja kulia mbele, mmoja kulia nyuma. Imejaa vifuko vya damu na nyuzi za kuishikilia ukutani. Ukiwa umetulia inajaa na kuziba upenyo uliobaki baada ya misuli kubana; mchango wake ni kama asilimia 15 hadi 20 ya nguvu yote ya kufunga. Bila mito hiyo ungevujisha hewa na majimaji bila kujua.

Mabingwa wakiandika mahali mito hiyo ilipo husema 3, 7 na 11, wakimwona mgonjwa amelala chali, miguu imeinuliwa. Wanafunzi wangu waliozoea saa zetu walikuwa wakikosea hapa kila mwaka. Hizo ni namba zilizoandikwa kwenye uso wa saa. Si saa tatu yetu, ambayo mshale wake unakuwa kwenye 9. Nimewahi kupokea karatasi ya rufaa ambayo upande ulikuwa umegeuzwa kabisa kwa kosa hilo.

Ugonjwa unaanza pale nyuzi zinazoishikilia mito zinapolegea. Umri, kusukuma choo kigumu na kukaa chooni muda mrefu huivuta kidogo kidogo kwenda chini. Mto ulioshuka unakwaruzwa na kinyesi, utando wake mwembamba unachubuka, damu inatoka. Inatoka nyekundu ya kung'aa kwa sababu ndani ya mto ateri ndogo zinamimina damu moja kwa moja kwenye vifuko. Si damu nyeusi ya vena. Inadondoka chooni au inapaka karatasi, juu ya kinyesi, haichanganyiki nacho. Na yote hayo yanatokea juu ya mstari, mahali pasipoumia mchubuko. Hiyo ndiyo miaka yako miwili.

Bawasiri ya nje ni habari nyingine kabisa. Chini ya ile ngozi iliyopauka, kuzunguka ukingo wa tundu, kuna mtandao wa vena ndogo. Kwa kawaida huzioni wala huzihisi. Siku moja mtu anasukuma kwa nguvu, au ananyanyua mzigo mzito, damu inaganda ndani ya moja ya vena hizo, na kwa saa chache ngozi inavutika juu ya bonge hilo kama ngoma. Kinachouma si damu, ni ngozi kuvutwa. Ndiyo maana kivimbe kinakuwa kigumu, kina rangi ya samawati au zambarau, hakirudi ndani ukikisukuma (na usikisukume), na mara nyingi hakitoi damu. Kikitoa, huwa ngozi imepasuka yenyewe juu yake, linatoka bonge jeusi, na mgonjwa anashangaa kwamba maumivu yamepungua palepale.

Hapa jamaa zako wana hoja ya nusu. Bawasiri ya ndani kweli huweza kutoka nje. Mabingwa huipanga kwa madaraja manne: inayobaki ndani, inayotoka wakati wa kusukuma na kurudi yenyewe, inayotoka na kuhitaji kurudishwa kwa kidole, na isiyorudi tena. Lakini hata hiyo ya daraja la nne, inayoning'inia nje mchana kutwa, bado inaitwa ya ndani, kwa sababu kinachoamua jina ni mahali ilipozaliwa, si mahali unapoiona. Ukitaka kuzitofautisha, angalia kinachoifunika. Kikiwa chekundu, chenye unyevu na ute, huo ni utando wa juu ulioshuka. Kikiwa kimefunikwa na ngozi kavu, kinafanana na ngozi inayokizunguka, hicho ni cha nje. Wewe umekitaja kuwa kigumu, kimoja, pembeni ya tundu, kilichozuka ghafla na kuuma tangu mwanzo. Hiyo siyo tabia ya mto ulioshuka.

Kuna hali moja inayovuruga kanuni hii. Mto wa ndani ukitoka, msuli ukaubana shingoni, damu ikashindwa kurudi, unavimba vibaya na kuburuta ngozi ya chini nayo ivimbe. Hapo bawasiri ya ndani inauma kupita kiasi, na huwa ni uvimbe mkubwa, mara nyingi pande kadhaa, wenye sehemu nyekundu na hata nyeusi. Hiyo haisubiri miadi, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Sasa raba. Raba yenyewe ni pete ndogo ya mpira. Daktari anaingiza proktoskopi, anaupata mto, anauvuta kwa koleo au kwa kifaa cha kufyonza, kisha anaachilia pete ikabane shina lake. Kipande kilichobanwa kinakosa damu, kinanyauka, na kinadondoka chenyewe pamoja na raba, kwa kawaida kati ya siku ya 5 na ya 10, na kidonda kidogo kinachobaki kinapopona kinaushikiza utando ukutani. Yote hayo hufanyika bila sindano ya ganzi, na kinachowezesha ni ule ukimya wa mishipa ya fahamu juu ya mstari. Pete inatakiwa kukaa si karibu na meno bali sentimita 1 hadi 2 juu yake, kwa ajili ya ile hisia inayopanda niliyoitaja.

Nilijifunza umuhimu wa hiyo sentimita kwa njia mbaya. Nikiwa bado mwanafunzi wa upasuaji nilimfunga mzee mmoja raba, mto wake ulikuwa mkubwa na umeshuka, nikaufyonza pale ulipoonekana mnene zaidi badala ya kupanda kwenye shina. Pete ilipofyatuka alishika ukingo wa kitanda. Nikamuuliza kama inauma, akasema, "Kidogo tu, mwanangu, endelea." Alikuwa anajikaza kwa heshima. Nesi aliyekuwa kichwani pake ndiye aliyeniambia mzee anatoka jasho usoni na vidole vimemkauka. Nilirudisha proktoskopi nikaona ukingo wa pete umeshika ngozi iliyopauka kwenye mstari wenyewe. Tukaweka ganzi ya sindano, tukaikata ile raba, na maumivu yakapungua kabla hajavaa. Wiki chache baadaye alifungwa tena, safari hii juu, akaniuliza kama kweli nimeshamaliza.

Kwa hiyo hiki ndicho kipimo: baada ya raba iliyokaa vizuri, unahisi uzito, kujaa, kama haja isiyoisha, kwa siku moja au mbili. Hiyo ni lugha ya sehemu ya juu, inayojua kuvutwa tu. Maumivu makali ya papo hapo, kabla hujashuka kitandani, ni lugha ya sehemu ya chini, na maana yake pete imekaa vibaya na inatakiwa kuondolewa wakati huohuo. Damu kidogo siku kipande kinapodondoka ni kawaida. Damu nyingi inayoendelea kumwagika, hata ikiwa wiki mbili zimepita, si kawaida. Na yakija pamoja maumivu yanayozidi siku hadi siku, homa na kushindwa kukojoa, nenda hospitali usiku huohuo. Ni nadra, lakini inaweza kuwa maambukizi ya nyonga, na hayo huua.

Kuhusu kivimbe chako. Maumivu ya damu iliyoganda namna hii huwa makali zaidi siku mbili tatu za kwanza. Ungekuja ndani ya saa 72 ningekupa chaguo la kukiondoa kwa ganzi ya sindano, kwa kukata kipande chote cha ngozi na bonge lake. Kupasua tu na kukamua huacha mlango wa damu kuganda tena. Leo ni siku ya tano. Bonge limeanza kuyeyuka lenyewe, na kisu sasa kingekuongezea maumivu kuliko kukupunguzia. Kalia maji ya uvuguvugu dakika 10 hadi 15 mara kadhaa kwa siku, tumia parasetamo, na mafuta ya ganzi ya lidokaini ukiyapata. Dawa kali za maumivu zenye kodeini ziepuke, kwa kuwa zinafunga choo na choo kigumu ndicho kilichokuleta hapa. Kivimbe kitalainika na kupungua ndani ya wiki chache. Huenda kikaacha kijingozi kinachoning'inia. Hakina madhara, ni usumbufu wa kujisafisha tu.

Mwelekeo wa maumivu ndio utakaoniambia kama nimekosea. Yanatakiwa kuwa yameanza kushuka sasa. Kama yanapanda, yanadunda, kuna joto na homa, basi ni jipu: kwenye ile mifuko ya mstari wa meno kuna vijitezi, na kimoja kikiziba usaha hujitengeneza na kutafuta njia ya kutokea nje. Jipu linapasuliwa, halisubiriwi. Na kama kivimbe hakiumi tena lakini kimebaki kigumu baada ya wiki sita, au kina kidonda, kinatakiwa kukatwa kipande kipimwe, kwa sababu saratani ya mkundu nayo hujificha chini ya jina la bawasiri. Daktari akikupapasa kinenani usishangae: sehemu ya chini ya mstari hupeleka majimaji yake kwenye tezi za hapo, ya juu hupeleka ndani ya nyonga na tumboni.

Jambo la mwisho ni ile damu ya miaka miwili. Hukusema kama kuna aliyechungulia. Bawasiri ya ndani isiyotoka haishikiki kwa kidole, ni laini kama shavu, inajificha chini ya kidole; inaonekana kwa proktoskopi tu. Na hata ikionekana, haimaanishi kwamba damu yote inatoka hapo. Kwa mtu wa miaka 46 mwenye damu ya muda wote huo, mimi ningeomba kolonoskopi, yaani kuchungulia utumbo mpana mzima kwa bomba refu lenye kamera, kabla ya raba, ili nijue hakuna uvimbe mwingine juu zaidi kwenye puru au utumbo mpana.

Miadi yako isogeze mpaka kivimbe kitulie, kwani kuingiza bomba sasa kutakutesa bure. Ukirudi, mtajie daktari dawa zozote za kuzuia damu kuganda unazotumia. Kabla ya kuachilia raba, wengi wetu huubana mto kwa koleo na kumuuliza mgonjwa anahisi nini. Akikuuliza, usijikaze kama yule mzee. Ikiuma, sema inauma, apande sentimita moja zaidi.